Kuikagua hati ya mashtaka: mfano wa pikipiki mbili za Uyole na Igawilo

Hati nyingi za mashtaka hazizidi ukurasa mmoja, na kwa sababu hiyo watu huzisoma upesi. Ndugu wa mshtakiwa husoma jina la kosa, wakili huangalia namba ya kifungu, kisha wote hukimbilia habari za dhamana. Kasoro kubwa kwa kawaida hukaa katika mistari minne au mitano ya maelezo ya kosa, ambayo hakuna aliyeisoma mara ya pili.

Mwongozo huu unafuata hati moja tangu inaposomwa mara ya kwanza hadi rufaa. Ni hati ya kutunga, lakini makosa yake ni ya kila siku. Chukulia kwamba imefunguliwa katika Mahakama ya Wilaya ya Mbeya mwaka 2024 na inasomeka hivi:

KOSA: Unyang'anyi wa kutumia silaha, kinyume na vifungu vya 285 na 286 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

MAELEZO YA KOSA: Kwamba wewe K.M., kati ya tarehe 3 na 9 Machi 2024, katika maeneo ya Uyole na Igawilo, ndani ya Jiji na Mkoa wa Mbeya, uliiba pikipiki mbili zenye thamani ya shilingi 5,600,000, mali ya S. na J., na ulitumia silaha ili kujipatia mali hizo, na pia ulimjeruhi mmoja wao mkononi.

Ukiisoma haraka unaelewa mtu anatuhumiwa nini. Ukiisoma polepole unagundua kwamba ina karibu kila kasoro inayowezekana.

Kabla ya kuanza, neno moja kuhusu namba za vifungu. Namba ninazotumia hapa, za Kanuni ya Adhabu na za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ni za toleo lililokuwa likitumika 2024. Toleo la Marejeo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limesogeza namba nyingi. Kwa hiyo ukikuta hati mpya ina namba usiyoizoea, usiruke kusema kifungu kimekosewa. Fungua toleo linalohusika na usome maneno ya kifungu chenyewe.

Hatua ya kwanza: hakikisha unasoma hati sahihi

Kesi ikiwa bado inatajwa na upelelezi haujakamilika, hati inaweza kubadilishwa zaidi ya mara moja. Faili likawa na hati ya Machi, hati mbadala ya Juni na marekebisho ya kalamu ya Agosti. Omba nakala ya kila moja, uandike juu yake tarehe iliyopokelewa mahakamani na tarehe mshtakiwa alipoijibu. Hati mbadala isiyo na tarehe ya kujibiwa iwekee alama, maana tutairudia.

Kama shtaka ni la uhujumu uchumi, simama hapohapo kwanza. Chini ya Sura ya 200 kuna karatasi mbili za kutafuta kabla ya kugusa maneno ya shtaka: ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka chini ya kifungu cha 26, na hati chini ya kifungu cha 12 inayoiruhusu mahakama ya chini kusikiliza kesi hiyo. Hapo swali linakuwa la mamlaka ya mahakama, wala si la uandishi wa shtaka. Kesi yetu ya pikipiki haimo katika kundi hilo, kwa hiyo tunaendelea.

Hatua ya pili: soma kifungu chenyewe, usisome jina la kosa

Kifungu cha 135 cha Sura ya 20 kinataka kila shtaka lianze na tamko la kosa kwa lugha ya kawaida, na kama kosa limeundwa na sheria, litaje kifungu kinacholiunda. Kwa hiyo fungua kifungu kilichotajwa, usome, ujiulize kama kosa hilo kweli linaundwa hapo.

Hati yetu inasema unyang'anyi wa kutumia silaha, lakini inataja vifungu vya 285 na 286. Kifungu cha 285 kinaeleza unyang'anyi, na cha 286 kinatoa adhabu yake. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungu chake, 287A, ambacho adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kosa hili la uandishi lina historia. Kifungu cha 287A kiliingizwa mwaka 2004, na kabla ya hapo watu walishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya 285 na 286. Anayenakili hati kutoka faili la zamani huinakili na kasoro yake.

Je, ni kasoro ya namba tu? Hapa sivyo, na sababu ya kwanza ni dhamana. Kifungu cha 148(5)(a) cha Sura ya 20 kinazuia dhamana kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, lakini orodha yake haina unyang'anyi wa kawaida. Hati inayotaja jina la kosa moja na vifungu vya jingine inaacha swali la dhamana likielea, na wakili ana hoja ya kusimamia siku hiyohiyo ya kwanza. Lakini ajue kwamba akiisema kwa sauti, upande wa mashtaka utarekebisha hati, pengine kabla ya saa sita mchana, na mlango wa dhamana utafungwa kabisa. Sababu ya pili ni adhabu. Mshtakiwa anayesoma 286 haoni popote kwamba anakabiliwa na miaka isiyopungua 30.

Hatua ya tatu: vunja kifungu vipande, kisha tafuta kila kipande katika maelezo

Kazi kubwa iko hapa. Kifungu cha 132 cha Sura ya 20 kinataka shtaka liwe na tamko la kosa pamoja na maelezo yanayotosha kumpa mshtakiwa taarifa ya kueleweka kuhusu aina ya kosa. Chukua karatasi, uigawe safu mbili. Kushoto andika vipande vya kosa kama vilivyo katika sheria, kulia nakili maneno ya hati yanayogusa kila kipande. Usiandike unachodhani wamekusudia. Nakili maneno yenyewe.

Kwa 287A, upande wa kushoto utakuwa na mambo haya: kwamba mtu aliiba kitu, kwamba wakati wa kuiba, au mara tu kabla au baada yake, alikuwa na silaha au chombo cha hatari, kwamba wakati huo alitumia au alitishia kutumia nguvu dhidi ya mtu, na kwamba alifanya hivyo ili aipate mali au abaki nayo.

Sasa jaza kulia. Kuiba kupo: "uliiba pikipiki mbili". Silaha ipo kwa jina tu: "ulitumia silaha". Panga? Nondo? Bastola? Hati haisemi. Nguvu dhidi ya mtu haipo kabisa, kwa maana "ulitumia silaha ili kujipatia mali" hakumtaji aliyetishiwa. Mtu anaweza kutumia nondo kukata kufuli la pikipiki iliyoegeshwa, na huo ni wizi, si unyang'anyi. Kwamba tendo lilikuwa wakati wa kuiba au mara tu kabla yake, nako hakupo.

Kutomtaja aliyetishiwa si jambo dogo. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba katika unyang'anyi, tishio au nguvu ndiyo roho ya kosa, kwa hiyo shtaka lionyeshe lilielekezwa kwa nani. Hapa kwetu kuna uamuzi ambao kila anayekagua hati angeusoma, wa Mahakama ya Rufani ikiwa Mbeya, uliochapwa katika ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 2006, ukurasa wa 387. Shtaka lilikuwa la kujaribu kubaka, na maelezo yaliacha kipande kimoja tu, cha kumtishia mlalamikaji. Mahakama ilisema mshtakiwa lazima ajue aina ya kesi inayomkabili, na kwamba hilo linatimia pale tu shtaka linapotaja vipande vya msingi vya kosa. Hukumu ilifutwa.

Kuhusu mali yenyewe, "pikipiki mbili zenye thamani ya shilingi 5,600,000" ni maelezo mepesi mno. Sheria haitaki kila kitu kielezwe kama katika daftari la stoo, lakini pikipiki ina namba ya usajili, na ina namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma. Bila hizo mshtakiwa hawezi kujua kama pikipiki anayosemwa nayo ndiyo ile aliyouziwa Mwanjelwa kwa mkataba wa mkono. Tena shahidi akija na kadi ya usajili, hakuna cha kulinganisha nayo. Wala haijulikani ipi ni ya S. na ipi ni ya J.

Hatua ya nne: hesabu matukio

Makosa mawili yaliyotiwa katika shtaka moja ndiyo kasoro inayopita bila kuonekana kuliko zote, kwa sababu maelezo yake husomeka kama hadithi moja nzuri. Kifungu cha 133 kinaruhusu makosa kadhaa kuwamo katika hati moja, kama yanatokana na tukio moja au ni mfululizo wa makosa ya aina moja, lakini kila kosa liwe na aya yake: kosa la kwanza, kosa la pili, na kuendelea. Kwa hiyo hati yenye makosa mengi si mbovu kwa hilo tu. Ubovu ni aya moja kubeba mawili.

Kipimo ninachokiamini ni cha hukumu. Jifanye hakimu mwishoni mwa kesi, ujiulize: naweza kumtia hatiani kwa nusu ya aya hii na kumwachia kwa nusu nyingine? Ikiwa jibu ni ndiyo, kuna makosa mawili.

Katika hati yetu kipimo kinajibu mara moja. Tuseme S. aliporwa Uyole siku moja, J. aliporwa Igawilo siku nyingine. Inawezekana kabisa K.M. alikuwepo Igawilo na hakuwepo Uyole. Hakimu akiandika "namtia hatiani kama alivyoshtakiwa", amemtia kwa lipi? Miaka 30 ni ya pikipiki ipi? Na siku J. akimfungulia shauri jipya, K.M. atathibitishaje kwamba alishahukumiwa kwa jambo hilohilo?

Usiitumie kanuni hii kupita kiasi, maana kuna yanayofanana nayo ambayo si kasoro. Kuiba vitu kumi kutoka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja ni kosa moja, hata kama orodha ni ndefu. Kifungu kinachosema kosa ni kutenda hili "au" lile kinaweza kuandikwa kwa njia hiyo ya "au", na kifungu cha 135 kinaruhusu. Vilevile kumpiga mtu panga ili aachie pikipiki si kosa la pili, ni ile nguvu inayotakiwa na unyang'anyi.

Ndiyo maana maneno ya mwisho ya hati yetu, "na pia ulimjeruhi mmoja wao mkononi", yanahitaji uangalifu. Kama jeraha lilitokea wakati wa kunyang'anya, lilipaswa kuandikwa kama sehemu ya nguvu, na majeruhi atajwe. Kama lilitokea baadaye, tuseme mwenye pikipiki alimfuatilia mtu siku ya pili yake wakakutana sokoni, hilo ni kosa lake lenyewe la kudhuru mwili na linahitaji aya yake. Neno "pia" ndilo linaloleta shaka. Ukiona "pia", "vilevile" au "na zaidi ya hayo" katika maelezo ya kosa, weka kidole hapo kwanza.

Hatua ya tano: tarehe, saa na usiku wa kuamkia

"Kati ya tarehe 3 na 9" si kosa kwa lenyewe. Yapo makosa ambayo siku yake kamili haijulikani. Lakini kama S. aliripoti polisi asubuhi iliyofuata, siku inajulikana, na kuiacha wazi kunamuumiza mtu anayesema hakuwepo. Kifungu cha 194 kinamtaka mshtakiwa anayetegemea utetezi wa kuwa mahali pengine atoe taarifa mapema. Tuseme K.M. alikuwa Makambako tarehe 3 na 4, akarudi Mbeya tarehe 5. Atoe taarifa ya utetezi huo kwa siku zote saba? Haiwezekani. Hoja ya utata hapa ina mfupa, kwa sababu unaweza kumwonyesha hakimu kwa kidole utetezi unaozuiwa.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna tatizo letu la ziada. Shahidi anasema "saa nane usiku". Askari anayeandika kwa haraka anaweka 20:00, ambayo ni saa mbili usiku, wakati shahidi alimaanisha 02:00. Au shahidi anasema "usiku wa kuamkia Jumatatu", na hati ikaandika Jumapili, ingawa saa nane ya usiku huo kwa kalenda ni Jumatatu tayari. Kila hati yenye tukio la usiku, chukua maelezo ya mlalamikaji polisi uyahesabu upya saa kwa saa.

Tofauti ya muda kati ya hati na ushahidi peke yake haiangushi kesi, kifungu cha 234(3) kinasema hivyo waziwazi. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imeeleza pia kwamba hati ikishataja siku maalumu, utetezi hujengwa juu ya siku hiyo, na ushahidi ukienda siku nyingine ni wajibu wa upande wa mashtaka kuomba marekebisho. Kwa mtu aliyejitetea kwamba hakuwepo, hilo ni jambo zito.

Hatua ya sita: amua lini useme

Watu hutarajia kwamba kasoro ikionyeshwa, mtu ataachiwa. Mara nyingi haiwi hivyo. Kifungu cha 234(1) kinampa hakimu uwezo, katika hatua yoyote ya kesi, kuamuru shtaka lenye kasoro ya msingi au ya umbo lirekebishwe, libadilishwe au liongezewe, ila tu kama haliwezi kurekebishwa bila kumdhulumu mshtakiwa. Ukisimama siku ya kwanza, jibu la kawaida ni ombi la muda wa kurekebisha.

Njia nyingine ni upande wa mashtaka kuliondoa shauri chini ya kifungu cha 98. Likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiwa tu, na kuachiwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo hayohayo. Waambie ndugu mapema, kwa maneno haya haya: "Akifutiwa leo, anaweza kukamatwa tena hapo nje." Bila hivyo watakuwa wameshachinja kuku. Kuondolewa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea ni jambo jingine, kwa kuwa hapo ni kuachiwa huru kabisa.

Kwa nini basi usinyamaze, ukaihifadhi kasoro kwa ajili ya rufaa? Wapo wanaofanya hivyo, na zamani ililipa kuliko sasa. Kifungu cha 388 kinasema hukumu haitatenguliwa kwa sababu ya kasoro katika shtaka isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki isitendeke. Kisha kinaitaka mahakama ya rufaa iangalie kama pingamizi lingeweza, na lilistahili, kutolewa mapema. Aliyekuwa na wakili tangu siku ya kwanza akanyamaza, ataulizwa swali hilo.

Maoni yangu ni haya. Makosa mawili katika shtaka moja na maelezo yanayoziba utetezi yasemwe kabla mshtakiwa hajajibu, kwa sababu madhara yake yanaanza siku hiyohiyo: hajui ajibu nini, wala ampeleke shahidi yupi. Namba ya kifungu iliyokosewa kidogo, wakati maelezo ni kamili, haifai kupoteza siku ya mahakama.

Maneno ya pingamizi yawe mafupi na yaonyeshe madhara. Kwa mfano: "Mheshimiwa, kabla mshtakiwa hajaitwa kujibu, tunaomba ielekezwe hati ya mashtaka irekebishwe. Shtaka lina matukio mawili, ya siku mbili, mahali pawili na walalamikaji wawili, katika aya moja, kinyume na kifungu cha 133. Mshtakiwa anakusudia kutoa taarifa kwamba hakuwepo Mbeya katika siku moja kati ya hizo, na hawezi kufanya hivyo kwa hati ilivyo. Pia maelezo hayamtaji aliyetishiwa wala silaha." Hakikisha hakimu ameandika pingamizi na uamuzi wake. Pingamizi lisilo katika mwenendo wa kesi, mbele ya mahakama ya rufaa halikutolewa.

Hatua ya saba: kagua hati iliyorekebishwa

Hati nzuri kwa kesi hii ingekuwa na makosa mawili, la kwanza la S. na la pili la J., yote chini ya 287A. Maelezo ya kosa la kwanza yangesomeka hivi: Kwamba wewe K.M., tarehe 3 Machi 2024, majira ya saa 2 usiku, katika eneo la Uyole, Jiji na Mkoa wa Mbeya, uliiba pikipiki moja yenye namba ya usajili (itajwe), yenye thamani ya shilingi 2,800,000, mali ya S., na mara tu kabla ya kuiba ulimtishia S. kwa panga ili kuipata pikipiki hiyo.

Rudi kwenye karatasi yako ya safu mbili, kila kipande sasa kina jibu. Makosa yote mawili yanaweza kubaki katika hati moja kwa kuwa ni ya aina moja, lakini kama kuyasikiliza pamoja kutamvuruga mshtakiwa katika utetezi wake, kifungu cha 133(3) kinaruhusu kuomba yatenganishwe.

Kisha angalia mambo ambayo watu huyasahau wakiwa na furaha ya kushinda pingamizi. Kifungu cha 234(2) kinataka mshtakiwa aitwe ajibu shtaka lililobadilishwa. Kama mashahidi walikwisha kusikilizwa, anaweza kudai waitwe tena watoe ushahidi upya au wahojiwe zaidi. Mwenendo uonyeshe kwamba hati mpya ilisomwa, kwamba alijibu, na kwamba haki hiyo alielezwa. Mahakama ya Rufani, tangu miaka ya 1980, imeshabatilisha kesi iliyoendeshwa bila mshtakiwa kujibu shtaka. Ile hati isiyo na tarehe ya kujibiwa uliyoiwekea alama mwanzoni, hapa ndipo inapotafunwa.

Hatua ya nane: kama hukumu imeshatoka

Taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu itolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa ziwasilishwe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliotumika kupata nakala ya mwenendo na hukumu. Mfungwa aliyeko gereza la Ruanda, Mbeya, anaweza kuzitoa kupitia mkuu wa gereza.

Sasa swali limebadilika. Siyo tena "je, hati ina kasoro", ni "je, kasoro ilimnyima mtu huyu nafasi ya kujitetea". Uamuzi wa Mbeya wa 2006 unavuta upande mmoja. Upande mwingine upo mkondo wa maamuzi ya baadaye, ukiwamo wa Rufaa ya Jinai Na. 52 ya 2017 uliotolewa Mtwara mwaka 2019, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kutotajwa kifungu sahihi katika tamko la kosa kunaweza kutibiwa na kifungu cha 388, ikiwa maelezo ya kosa yako wazi na ushahidi ulimwezesha mshtakiwa kuelewa. Anayekata rufaa kwa hoja ya "kifungu kimekosewa" peke yake atapigwa na uamuzi huo. Kwa hiyo usiishie kwenye kasoro, fungua mwenendo uonyeshe ilipouma: ukurasa ambapo alijitetea kwa tarehe 3 wakati mashahidi walisema ya 5, au aliposhindwa kumhoji shahidi kuhusu tishio kwa sababu hati haikulitaja.

Kama hati ya pikipiki ingefika rufaa ikiwa haijaguswa, namba ya kifungu ningeiweka mwisho. Ningetanguliza matukio mawili katika shtaka moja, kisha aliyetishiwa asiyetajwa, nikiambatanisha hukumu inayosema "ametiwa hatiani kama alivyoshtakiwa" bila kusema kwa pikipiki ipi.

Rufaa ikishinda, upande wa Jamhuri unaweza kuomba kesi isikilizwe upya. Jibu limo katika msimamo uliowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na unaofuatwa hadi leo: kesi huamriwa kuanza upya pale ya kwanza ilipokuwa batili au na kasoro, na kamwe si ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Shtaka likiwa bovu kiasi cha kutotibika, unaweza kuongeza kwamba hakuna shtaka halali la kurudia. Andaa hesabu ya miaka ambayo mtu ameshakaa gerezani, tarehe kwa tarehe, kwa sababu majaji huiuliza kabla ya kuamua.